Daftari la Makosa: Yapi Kweli, Yapi Uongo

Karatasi za hisabati zinaporudi zimesahihishwa, iwe ni Kangemi, Kawangware au Kileleshwa, mwanafunzi huanza kwa kutazama alama iliyozungushiwa duara. Akishajumlisha upya kuhakikisha hakupunjwa, karatasi huishia chini ya begi. Wapo wachache wanaopiga hatua zaidi. Hununua daftari la jalada gumu na kulichorea safu nne: swali, aina ya kosa, sahihisho na kinga. Wanafanya jambo la maana, kwa sababu karatasi ya KCSE yenyewe hairudishwi kwa mtahiniwa. Mitihani ya shuleni na ile ya majaribio ndiyo nafasi yao ya kuona kalamu nyekundu juu ya kazi yao wenyewe.

Hata hivyo, mengi ya madaftari ninayoletewa katika masomo ya jioni huko Kangemi ni safi, yana rangi tatu za wino, na hayazuii kosa hata moja. Yaliandikwa kwa kufuata mambo ambayo wanafunzi huambiana na hakuna anayeyapima. Nimechukua machache kati ya hayo.

“Safu ya aina ya kosa ni ya kujaza tu, la muhimu ni sahihisho.”

Uongo, na huu ndio unaogharimu zaidi.

Chukua swali hili, la aina inayojitokeza mara kwa mara katika hisabati ya biashara. Redio inauzwa Sh 5,800, ushuru wa VAT wa 16% ukiwa ndani yake. Bei kabla ya ushuru ni ngapi? Kijana mmoja wa kidato cha tatu alitafuta 16% ya 5,800 akapata 928, akaitoa, na kuandika Sh 4,872. Alipata sufuri. Katika daftari lake, chini ya aina ya kosa, akaandika “kosa la kukokotoa”, na chini ya kinga akaandika “nitumie kikokotoo mara mbili”.

Tazama kazi yake tena. Asilimia 16 ya 5,800 ni 928 kweli. 5,800 ukitoa 928 ni 4,872 kweli. Hakuna tarakimu iliyokosewa. Angetumia kikokotoo mara kumi, kingempa 4,872 mara kumi. Alikosea kabla hajagusa kikokotoo, pale alipoichukua 5,800 kuwa ndiyo asilimia 100. Ushuru ulitozwa kwenye bei ya kwanza, kwa hivyo bei hiyo ndiyo 100%, na 5,800 ni 116%. Bei tunayoitafuta ni 5,800 × 100 ÷ 116, yaani Sh 5,000.

Aina ya kosa ikiandikwa vibaya, kinga nayo hupotea njia. Nilimwomba aifute ile ya mwanzo na kuandika: “Nilichukua asilimia ya kiasi kisicho chake.” Maneno hayo yanataja kitendo. Mtu akiyasoma baada ya mwezi anajua alifanya nini.

“Makosa mengi ni uzembe tu.”

Si kweli, na kuna njia nyepesi ya kujua. Funika karatasi, andika swali peke yake kwenye ukurasa mweupe, lifanye upya bila kutazama popote. Ukipata jibu sahihi bila kusaidiwa, ulikuwa umeteleza: ulinakili 4 ikawa 9, uliacha alama ya kutoa, au ulisoma kipenyo ukakifanya nusu kipenyo. Ukirudia kosa lile lile, hujateleza. Kuna kitu hukielewi, na hakuna kiasi cha umakini kitakachokiziba. Yule kijana wa redio alipofanya upya alipata 4,872 tena, na alikuwa na hakika nayo.

Hata kuteleza kwenyewe kusiitwe uzembe. Neno hilo ni lawama, halimwambii mtu kalamu yake iliteleza wapi. “Nilinakili vibaya kutoka mstari wa pili kwenda wa tatu” ni maelezo yanayoweza kufanyiwa kazi.

“Kalamu nyekundu huonyesha kosa lilipo.”

Ni kweli nusu. Huonyesha, kwa anayejua kuisoma, na wanafunzi wengi hawajawahi kufundishwa kuisoma.

Mwongozo wa kusahihisha hisabati wa Baraza la Mitihani la Kenya hugawa alama kwa herufi, na walimu wengi huufuata hata katika mitihani ya shule. M ni alama ya mbinu. A ni alama ya jibu sahihi lililotokana na mbinu hiyo. B husimama peke yake, haitegemei mbinu. Mbinu ikiwa mbaya, alama ya A haipatikani hata kama jibu limeangukia pazuri kwa bahati.

Kwa hivyo M0 A0 na M1 A0 ni habari mbili tofauti kabisa. Swali la redio lilikuwa la kwanza: njia yenyewe haikufaa. La pili ni kama hili: mtu amesimama mita 64 kutoka chini ya jengo, kwenye ardhi tambarare, na pembe ya kutazama kilele kutoka usawa wa ardhi ni 37°. Tafuta urefu wa jengo kwa desimali mbili. Mwanafunzi anaandika 64 × tan 37°, anapewa M1. Kisha anaikata tan 37° ikawa 0.75, anazidisha, anapata mita 48.00. Jibu ni 48.23. A0. Huyu anajua trigonometria vizuri. Alichofanya ni kukadiria mapema, na kinga yake ni fupi: tarakimu zote zibaki ndani ya kikokotoo mpaka mstari wa mwisho.

Mtu akiandika “trigonometria” kwenye safu ya aina ya kosa, kama wengi wanavyofanya, atakwenda kusoma sura nzima anayoijua tayari. Mada ya swali siyo aina ya kosa. Kosa la kukadiria mapema litamfuata kwenye riba, kwenye ujazo wa mcheduara, hata kwenye fizikia.

“Sahihisho ni lile la ubaoni, nilinakili tu.”

Uongo. Kunakili kunaonyesha kwamba mwalimu analijua swali. Sikiliza maelezo yake, uliza, kisha daftari lifungwe mpaka jioni au kesho yake. Hapo andika sahihisho kutoka kichwani, na kila mstari uwe na sababu yake kwa maneno machache. Ukikwama katikati, umepata mahali hasa pa kumrudia mwalimu. “Mwalimu, hapa kwa nini tunagawanya na 116?” ni swali ambalo mwalimu mwenye darasa la wanafunzi hamsini anaweza kulijibu akiwa anatembea kwenda ofisini. “Mwalimu, sielewi asilimia” halijibiki hivyo.

“Kinga ni kujikumbusha kuwa makini.”

Uongo. “Niwe makini” haifanyiki kwa kalamu. Kinga inayofaa ni kitendo kinachoonekana kwenye karatasi, na kinachojulikana kitafanyika wakati gani.

Kwa swali la redio tuliafikiana vitendo viwili. Kwanza, kabla ya hesabu yoyote ya asilimia, andika pembeni “100% = ?” na ujibu kwa maneno. Hapa jibu ni “bei kabla ya ushuru”. Pili, ukishapata jibu, lirudishe ndani ya swali. Asilimia 116 ya 4,872 ni 5,651.52, siyo 5,800, basi jibu hilo limejikataa lenyewe. Asilimia 116 ya 5,000 ni 5,800 kamili. Kuhakiki huku kunachukua chini ya dakika moja, na kungemwokoa hata kama hakuwa ameelewa nadharia sawasawa.

“Kila alama iliyopotea lazima iingie daftarini.”

Hapana. Swali lililoachwa wazi kwa sababu mada haijafundishwa halina kosa la kuchambua. Hilo linahitaji kitabu cha kiada. Swali lililoachwa wazi kwa kukosa muda ni jambo lingine, na chanzo chake hakiko kwenye swali lenyewe. Karatasi ya hisabati ya KCSE ni ya saa mbili na nusu kwa alama 100: maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50, kisha maswali matano ya alama kumi kumi yanayochaguliwa kati ya manane. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa alama. Ukikuta swali la mwisho halijaguswa, rudi nyuma utafute swali la alama tatu lililojaza ukurasa mzima na kufutwa mara mbili. Hilo ndilo la kuandikwa, na kinga yake ni kuliacha baada ya dakika tano na kulirudia mwishoni.

Upande wa pili, yapo maswali yenye alama zote yanayostahili kuingia: yale uliyoyabahatisha. Weka nukta ndogo kando ya kila jibu ambalo huna hakika nalo ukiwa bado kwenye mtihani, la sivyo karatasi ikirudi utakuwa umesahau.

“Nikishaandika, kosa limekwisha.”

Uongo. Baada ya wiki moja hivi, jipe swali jipya lenye kosa lile lile ndani yake, lisilofanana kwa sura. Kwa kijana wa redio nilitumia shati lililopunguzwa bei kwa 20% likauzwa Sh 1,800. Mwenye kosa la zamani ataongeza 20% ya 1,800 na kupata 2,160. Anayeandika “100% = bei kabla ya punguzo” ataona kwamba 1,800 ni 80%, na atapata 2,250.

Mwanafunzi akipata, aweke tarehe na alama ya vema kando ya mstari ule. Akipata tena kwa swali lingine baada ya wiki kadhaa, mstari ukatwe. Akikosa, asifungue mstari mpya. Tarehe ya pili iingie palepale kwenye mstari wa zamani, na ile kinga ibadilishwe, kwa sababu imeshindwa kazi. Mstari wenye tarehe tatu za kukosa upelekwe kwa mwalimu pamoja na karatasi zote tatu, ili aone mwenyewe hatua ambayo mwanafunzi hurudi kupotea kila mara.