Nyonga Ndiyo Bawaba

Mtazame mama anayechuma mchicha kwenye tuta. Magoti kayakunja kidogo tu, makalio yamerudi nyuma, na mgongo umelala sawa kama ubao. Kilichopinda ni nyonga. Mlango nao hufunguka hivyohivyo: bawaba inazunguka, ubao haupindi. Mnyanyua vyuma anayeinua chuma kutoka sakafuni anahitaji mkunjo huohuo, ila yeye ana kilo 100 mikononi.

Kazi ya kuifungua nyonga iliyokunjwa ni ya makalio na misuli ya nyuma ya paja. Misuli hii ya paja imeshikamana na mfupa tunaoukalia, ikashuka hadi chini ya goti, kwa hiyo makalio yanaporudi nyuma inavutika na kukaza kama mpira wa manati. Makalio nayo yanausukuma mwili mpaka usimame wima. Misuli ya mgongo, ile minene inayopanda kandokando ya uti, haiinui chochote ikiwa kazi inakwenda sawa. Inashika. Inauzuia uti usipinde, ili nguvu ya nyonga ifike mabegani.

Kushika huko si kazi ndogo. Misuli hiyo iko kama sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha pingili za kiuno, na mzigo uko mbali mbele yake. Chuma cha kilo 100 kikisogea mbele sentimita 10 zaidi, misuli ya mgongo italazimika kuongeza nguvu sawa na uzito wa kilo 200, kwa kuwa 10 ni mara mbili ya 5. Nguvu hiyo yote inazibana pingili. Ndiyo maana chuma hupanda kikiwa karibu kugusa miundi, juu ya katikati ya unyayo. Kwangu mimi, hili lina uzito kuliko maelekezo mengine yote.

Kosa ninaloliona mara nyingi huanzia kwenye paja. Misuli ya nyuma ya paja ikifika mwisho wa urefu wake na mtu akaendelea kushuka, inauvuta mfupa wa nyonga kwa chini, na kiuno kinajikunja bila yeye kujua. Chukua mpini wa ufagio, uulaze mgongoni ukigusa kisogo, kati ya mabega na mfupa wa mkia, kisha inama taratibu. Pale mpini unapoachana na sehemu mojawapo, bawaba yako imeishia hapo.

Sahani kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni, uwe mrefu au mfupi. Ikiwa mpini uliachana kabla mikono haijafika kimo hicho, weka mbao imara chini ya sahani za pande zote mbili, chuma kipande mpaka kukifikia kusikupindishe kiuno, na uanzie hapo.