Nundu Isiyopungua

Mwaka 1898 Albert Michelson na Samuel Stratton, wakiwa Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza mashine ya gia na springi iliyojumlisha mawimbi 80 kwa mara moja na kuchora jumla yake kwenye karatasi. Mwaka huohuo Michelson aliliuliza jarida la Nature: mawimbi laini yanawezaje kujumlishwa yakazaa mruko wa ghafla? Mjadala ukawaka. J. Willard Gibbs naye akajibu, lakini barua yake ya kwanza haikuigusa nundu inayochomoza kando ya mruko, ikabidi airekebishe mwaka 1899. Jambo hilo sasa lina jina lake, ijapokuwa Mwingereza Henry Wilbraham alikuwa ameshalichapisha mwaka 1848.

Chukua wimbi la mraba, linalokaa kwenye 1 kisha linashuka ghafla hadi −1. Kulijenga, unaanza na wimbi la sini lenye kimo cha 1.273, unaongeza lenye kasi mara tatu na kimo cha theluthi yake, kisha la mara tano na kimo cha sehemu ya tano, na kuendelea hivyo kwa namba witiri. Wimbi moja peke yake linafika 1.273. Ukijumlisha matano, kilele kilicho karibu na ukingo ni 1.182. Kumi yanatoa 1.180, na mia moja 1.179. Hapo kinagoma. Kimezidi 1 kwa 0.179, na kwa kuwa mruko wenyewe una ukubwa wa 2, ziada hiyo ni karibu asilimia 9 ya mruko.

Kwa nini isishuke zaidi? Kilele cha kwanza hutokea mahali ambapo pembe za mawimbi yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, zimetandazwa sawasawa kati ya nyuzi 0 na 180. Ukipanga jumla hiyo vizuri, unaona kwamba kila wimbi linachangia kipande chembamba cha eneo lililo chini ya mchoro wa sini ya pembe iliyogawanywa kwa pembe hiyohiyo. Mawimbi yakiongezeka, vipande vinakuwa vingi na kila kimoja kinakonda, lakini mkate ukatwe vipande kumi au mia, ni mkate uleule. Eneo hilo halina habari na idadi ya mawimbi, na ndilo linaloamua kimo cha nundu.

Kinachobadilika ni mahali pake. Kila ukiongeza mawimbi, nundu inasogea karibu zaidi na ukingo na kuwa nyembamba. Simama sehemu moja mbali na ukingo, utaona kosa likififia kweli hadi kuisha. Nundu haifi, inahama tu.

Mafundi wa sauti hukutana na jambo hilohilo kwenye vichujio vya kidijitali. Tuseme sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde, na unataka kupitisha kila kitu chini ya hezi 4,000 na kuzuia kilicho juu yake. Kichujio kamili kingehitaji vizidishi visivyo na mwisho, kwa hiyo unavikata na kubaki na 21. Safari hii mruko uko kwenye masafa, na ndiko nundu inakotokea: ndani ya eneo linalopita sauti inapandishwa kwa karibu asilimia 9, na upande wa pili, takriban hezi 2,300 kupita ukingo, asilimia 9 inavuja.

Dawa inayomjia mtu haraka ni kurefusha kichujio. Weka vizidishi 201. Mlio wa hezi 6,300, uliokuwa ukivuja asilimia 9, sasa unabaki na asilimia 1 hivi au chini ya hapo. Lakini pima kwenye hezi 4,240: asilimia 9 ileile, yaani desibeli 21 tu za kuzuia. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu wakipima kila baada ya hezi 500 wanakiruka kilele chembamba na kuamini kimekwisha. Mchoro wa nukta nyingi unaumbua.

Tatizo ni ule mkato wa ghafla, si ufupi. Ukivipunguza vizidishi taratibu kuelekea ncha zote mbili, kwa mfano kwa dirisha la Hamming, kichujio cha vizidishi 201 kinazuia takriban desibeli 53, yaani kinavujisha asilimia 0.2 tu. Bei yake ni ukingo butu: mteremko ambao kwa mkato wa ghafla ulikuwa kama hezi 215 unafika karibu 790. Upana huo ndio urefu unaoweza kuupunguza. Vizidishi 401 vitaushusha hadi hezi 395, lakini desibeli zitabaki 53 zilezile, maana hata hapa kimo cha mabaki kinatokana na umbo la dirisha. Anayetaka zaidi abadili dirisha: la Blackman linafikia kama desibeli 74, na mteremko wake ni mpana zaidi.