Kemia ya Vipimo, Sehemu ya Tatu: Siki ya Mnazi na Uchaguzi wa Kiashiria

Tembo la mnazi, kama lile la ukanda wa Kibaha na Kisarawe unaopitiwa na mto Ruvu, likiachwa wazi kwa muda huchachuka hadi likawa siki, kwa kuwa bakteria hugeuza kileo chake kuwa asidi ya asetiki. Atakaye kujua siki hiyo ina asidi kiasi gani huipima kwa titresheni, yaani huidondoshea kutoka kwenye bureti mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi ambao ukolezi wake unajulikana, mpaka asidi yote imalizwe na besi. Hatua hiyo ya kumalizana, ambayo huitwa nukta ya ulinganifu, haionekani kwa macho, na ndiyo maana hutiwa matone mawili au matatu ya kiashiria, kemikali inayobadili rangi pH inapofika kiwango fulani. Viashiria viwili vinavyojulikana zaidi katika maabara za sekondari nchini ni fenolfthalini na methili oranji, ambavyo wanafunzi huvitaja kwa vifupisho vya POP na MO, na wengi hukariri kipi kitumike wapi bila kuuliza sababu, ilhali sababu yenyewe hupatikana kwa hesabu fupi.

Ichukuliwe siki yenye gramu 48 za asidi ya asetiki katika kila lita, ambazo ni sawa na moli 0.8, kisha izimuliwe kwa maji mara nane ili ibaki na moli 0.1 kwa lita. Sentimita za ujazo 25 za siki hiyo iliyozimuliwa zitahitaji sentimita 25 za sodiamu haidroksaidi yenye ukolezi huohuo. Zinapolingana, chupa haina tena asidi wala besi iliyozidi, bali ina ioni za sodiamu na za asetati, ukolezi wa kila moja ukiwa moli 0.05 kwa lita kwa sababu ujazo umeongezeka maradufu. Hapo ndipo wengi hutarajia pH ya 7, nao hukosea, kwani asidi ya asetiki ni dhaifu, maana yake huishikilia protoni yake kwa nguvu, na kwa hiyo ioni ya asetati nayo hunyakua protoni chache kutoka kwenye maji na kuacha ioni za haidroksaidi. Kwa kuwa kidhibiti cha asidi hiyo, Ka, ni 1.8 × 10⁻⁵, kile cha asetati, Kb, huwa 5.6 × 10⁻¹⁰, na ukolezi wa haidroksaidi hupatikana hivi:

[OH⁻] = √(0.05 × 5.6 × 10⁻¹⁰) = 5.3 × 10⁻⁶

ambao huleta pH ya 8.7. Kiashiria kinachofaa, basi, ni kile ambacho rangi yake hugeuka karibu na kiwango hicho.

Fenolfthalini hutoka kutokuwa na rangi na kuwa ya waridi kati ya pH 8.3 na 10. Bureti ikisoma 24.9, pH ya siki ni 7.1 hivi, na ikisoma 25.1 imekwisha kuruka hadi 10.3, kwa hiyo mgeuko wote wa rangi humalizika ndani ya matone machache. Methili oranji hugeuka kati ya 3.1 na 4.4, na siki hiyo huvuka viwango hivyo mapema mno: rangi huanza kubadilika kabla hata ya sentimita moja kumiminwa, ikajikokota polepole hadi karibu sentimita 7.8. Mpimaji atakayesimama hapo ataandika kwamba siki ina gramu 15 za asidi kwa lita badala ya 48, na dalili ya kosa lake ni huko kujikokota kwenyewe, kwa maana kiashiria kilichochaguliwa vyema hugeuka ghafla.

Hata fenolfthalini ina kasoro yake, kwa kuwa rangi ya waridi iliyopatikana mara nyingi hufifia chupa ikiachwa mezani, si kwa sababu asidi ya asetiki ilikuwa imebaki, bali kwa sababu kaboni dayoksaidi ya hewani huyeyuka na kushusha pH. Kwa sababu hiyo huhesabiwa waridi hafifu ya kwanza inayodumu kwa nusu dakika huku chupa ikitikiswa, na maji ya kuzimulia huchemshwa kwanza, kisha yakapozwa, ili gesi hiyo itoke. Tembo ambalo bado linachachuka nalo hubeba gesi yake lenyewe, na kulipima bila kuifukuza ni kuihesabu kama asidi.

Mambo hugeuka juu chini yanapopimwa maji ya mto kama Ruvu, ambamo baikaboneti, besi dhaifu, hudondoshewa asidi kali hadi pH ya 4.5 hivi, na hapo methili oranji iliyokataliwa kwa siki ndiyo inayofaa. Kipimo hicho, pamoja na uhusiano wake na shabu inayotumika kusafisha maji, ndicho kitakachojadiliwa katika sehemu ya nne.