Ampuli moja ya diazepamu

Mtoto wa kilo 10 analetwa zahanati akiwa na degedege. Muuguzi anafungua kabati lenye kufuli na kutoa ampuli ya diazepamu ya miligramu 10. Mtoto anahitaji miligramu 3 tu. Katika daftari la dawa zinazodhibitiwa, salio linashuka kutoka ampuli 23 hadi 22, na mstari huohuo unaonyesha miligramu 3 zilizotumika na 7 zilizomwagwa.

Hizo 7 ndizo mwanya mkubwa wa wizi. Shahidi lazima aone kipimo kikivutwa na masalio yakiharibiwa, ndipo atie sahihi. Akiletewa daftari jioni asaini kwa kuaminiana, huyo hakushuhudia chochote. Majina mawili yaleyale yakijirudia kila mara dawa inapomwagwa, msimamizi aulize.

Mwisho wa mwezi, watu wawili wanahesabu ampuli zenyewe. Tuseme mwezi ulianza na 20, zikapokelewa 30, zikatumika 29: zinapaswa kubaki 21. Kabatini zipo 20. Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha 21 iwe 20 ili mambo yakae sawa. Tofauti huandikwa ilivyo, kisha kila mstari unalinganishwa na cheti na faili la mgonjwa. Mara nyingi hupatikana dozi ya usiku iliyosahauliwa. Inaingizwa kwa tarehe ya leo, pamoja na maelezo na sahihi mbili. Isipopatikana, mfamasia wa wilaya anaarifiwa siku hiyohiyo.