Ankara ya Yuro, Hesabu ya Shilingi

Ankara iliyoandikwa kwa yuro, yeni au shilingi ya Tanzania huingia katika vitabu vya kampuni ya Nairobi kwa shilingi ya Kenya. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inataka muamala wa fedha za kigeni urekodiwe kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ulipofanyika, na kwa kawaida tarehe ya ankara ndiyo huchukuliwa kuwa siku hiyo. Viwango vyenyewe hutangazwa na Benki Kuu ya Kenya kila siku ya kazi. Kuzidisha ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba programu inayosoma ankara iliyopigwa skani imechota kwa usahihi kiasi, sarafu na tarehe.

Chukua ankara ya muuzaji wa vipuri wa Ujerumani, yenye jumla ya 4.860,50 EUR na tarehe 03.05.2025. Wajerumani hutenganisha maelfu kwa nukta na senti kwa koma, kinyume cha desturi ya Kenya. Programu isiyojua hivyo huweza kusoma yuro nne na ushei, na bei ya mtambo mzima ikawa shilingi mia saba hivi. Kosa la ukubwa huo huonekana upesi. La tarehe hujificha. Programu iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani hutanguliza mwezi, hivyo tarehe 3 Mei hugeuka 5 Machi, nayo ni tarehe halali ambayo haimshtui mtu. Tuseme kiwango cha Machi kilikuwa shilingi 138 kwa yuro na cha mwanzoni mwa Mei 146. Ankara ileile itaandikwa 670,749 badala ya 709,633, yaani pungufu ya shilingi 38,884, na jedwali zima litaonekana safi. Dawa yake ni kusoma tarehe kwa desturi ya nchi ya muuzaji, kisha kuilinganisha na tarehe ya mwisho ya kulipa: kama ankara inatoa siku 30 na malipo yanatakiwa 2 Juni, haiwezi kuwa ya Machi.

Hata ikisomwa sawasawa, tarehe 3 Mei 2025 ilikuwa Jumamosi, siku isiyo na kiwango. Desturi iliyozoeleka ni kurudi nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia, hapa Ijumaa tarehe 2. Programu isiachwe ichukue kiwango cha Jumatatu kwa sababu tu ndicho kinachofuata, wala cha siku ankara ilipopigwa skani, kosa ambalo hutokea sana pale karatasi zinapokaa mezani wiki nzima.

Jedwali la Benki Kuu nalo lina mtego wake. Dola na yuro huonyeshwa kwa shilingi ngapi za Kenya hununua moja, lakini yeni huandikwa JPY (100), yaani bei ya yeni mia. Kwa sarafu za majirani mwelekeo hugeuka: mstari wa KES / TSHS unaeleza shilingi moja ya Kenya ni sawa na ngapi za Tanzania. Kwa kiwango cha mfano cha 20.8, ankara ya Arusha ya 2,080,000 hugawanywa na kuwa 100,000 za Kenya. Programu inayozidisha kila kitu huiandika zaidi ya milioni 43. Ndiyo maana ni busara kuweka, kwa kila sarafu, mipaka ya kiwango kinachoaminika, na ankara yoyote inayovuka mipaka hiyo isimamishwe hadi mtu aikague.

Baada ya kubadilisha, kiasi cha asili hakifutwi. Mstari wa hesabu hubeba yuro 4,860.50, kiwango 146, tarehe ya kiwango 2 Mei na shilingi 709,633, ili mkaguzi aweze kurudia hesabu hiyo mwenyewe. Kampuni ikilipa tarehe 28 Mei kwa kiwango cha 148, zitatoka shilingi 719,354. Zile 9,721 zilizozidi huandikwa kama hasara ya ubadilishaji wa fedha, na thamani ya vipuri vitabuni hubaki ileile.

Hata hivyo, tarehe ya ankara haitawali kila kitu. Amana iliyolipwa kabla ya bidhaa kufika hubadilishwa kwa kiwango cha siku ilipolipwa, na sehemu hiyo ya bei haiguswi tena ankara ya mwisho inapokuja. Forodha pia hutumia viwango vyake, hivyo thamani ya shehena kwenye karatasi za bandarini Mombasa yaweza kutofautiana na ya vitabuni bila upande wowote kukosea.