Mjerumani hana hisia za ziada

Kila nikifundisha Kijerumani, wiki ya kwanza haijaisha mtu ameshanyoosha mkono: eti ni kweli Wajerumani wana hisia ambazo sisi hatuna, maana wana neno Torschlusspanik? Nimechoka kujibu kwa upole, basi najibu kwa maandishi.

Neno hilo limeungwa kwa Tor (lango), Schluss (kufungwa) na Panik (taharuki). Maneno ya namna hii huanza kusomwa mkiani, kwa sababu kipande cha mwisho ndicho kinachotaja kitu chenyewe na kuamua jinsia ya neno zima. Torschlusspanik, kwa hiyo, ni aina ya Panik. Kummerspeck nalo ni aina ya Speck, yaani mafuta ya nguruwe au ya mwilini, na Kummer ni majonzi. Hilo hutajwa kila mara kama hisia, kumbe si hisia hata kidogo: ni unene wa mtu aliyejiliwaza kwa kula.

Wapenzi wa maneno haya hudai kwamba vipande vyake ndivyo vinavyoipima hisia barabara. Hapa ndipo subira inaponiishia. Kuunga maneno hakusemi vipande vinahusianaje. Schweineschnitzel ni nyama iliyotoka kwa nguruwe; Kinderschnitzel haikutoka kwa watoto, ni ya kuliwa na watoto. Sarufi ni ileile. Schadenfreude ni furaha inayotokana na madhara ya mwingine, ilhali Vorfreude ni furaha ya kabla jambo halijafika. Ukifuata vipande peke yake, Kummerspeck ingeweza kuwa nyama ya nguruwe inayoliwa matangani.

Usahihi unatoka kwenye mazoea. Miji ya zamani ilifunga malango yake jioni. Hamburg, hadi mwisho wa 1860, aliyechelewa alilipa ndipo aingie. Leo Torschlusspanik mara nyingi ni hofu ya mtu anayeona umri wa kuoa au kuzaa unampita. Mwaka 1961 lilitumika pia kwa watu waliokuwa wakiikimbia Ujerumani Mashariki kabla njia ya Berlin haijazibwa. Vipande ni vilevile, hofu ni mbili. Sisi nasi tuna kiinuamgongo, na asiyeambiwa hawezi kukisia kwamba ni malipo ya kumaliza kazi. Sijasikia mtu akidai kwamba Waswahili wana migongo ya pekee.

Ukikutana na neno refu, anza na kipande cha mwisho, rudi nyuma, kisha litafute zima katika kamusi ya Duden. Herufi s iliyo katikati ya Liebeskummer ni kiungo tu, usiitafutie maana. Ukifasiri, eleza kwa sentensi, usitunge neno. Lisipokuwemo kamusini, ama limeungwa papo hapo, na sarufi inaruhusu, ama ni uzushi wa mtandaoni. Muulize Mjerumani kabla hujalichora mwilini.