Kabla hujasaini mkopo, ijue namba yako ya sare

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza viatu mtandaoni nilikuwa najibu "biashara inaenda" kila nikiulizwa. Wateja walikuwepo, simu haipumziki. Nikaona kinachonikwamisha ni mtaji tu, nikakopa milioni moja. Miezi minne baadaye mkopo ulikuwa umeisha, na mzigo nao umeisha.

Kitu ambacho sikukijua ni breki iveni. Mimi naiita namba ya sare: idadi ya bidhaa unazotakiwa kuuza kwa mwezi ili usipate faida wala hasara, kama mechi iliyoisha bila mshindi. Ukiuza chini ya hapo, unakula mtaji. Ukivuka, ndiyo faida inaanza.

Twende kwenye hesabu zangu. Kiatu nilikiuza 30,000. Kariakoo nilikinunua kwa jumla 20,000. Usafiri wa mzigo, mfuko na makato ya kutoa pesa kwenye simu vilikula kama 2,000 kwa kila pea. Kwa hiyo pea moja iliniachia 8,000, siyo 10,000 niliyokuwa najidanganya nayo.

Halafu kuna gharama zinazokuja hata usipouza kitu. Kodi ya kona niliyowekea mzigo 80,000, bando 30,000, matangazo ya kulipia 90,000, posho ya kijana wa kufunga na kupeleka mizigo 120,000. Jumla 320,000 kwa mwezi.

Sasa gawa: 320,000 kwa 8,000 unapata 40. Hiyo ndiyo sare yangu. Nilikuwa nauza pea 45, maana yake faida halisi ilitoka kwenye pea tano tu, yaani 40,000 kwa mwezi. Na hapo sijajilipa mimi mwenyewe hata shilingi!

Kwa hali hiyo ndiyo nikakopa. Riba ilikuwa asilimia 10 ya mkopo wote kila mwezi, kwa miezi minne. Rejesho likawa 350,000: 250,000 ya kupunguza deni na 100,000 ya riba.

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Riba ni gharama, kwa hiyo 320,000 ikawa 420,000. Gawa kwa 8,000, sare inapanda hadi pea 53. Lakini mkopeshaji hadai riba peke yake, anataka rejesho zima. Ili nilipe 350,000 bila kugusa pesa ya kununulia mzigo, nilitakiwa kufikisha 670,000. Gawa kwa 8,000, ni pea 84 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nauza 45!

Mwezi wa kwanza wa mkopo nilijitahidi nikauza 58. Kwenye daftari nimevuka 53, nikajipongeza. Lakini pea 58 ziliniachia 464,000. Toa gharama za mwezi 320,000, zikabaki 144,000 za kulipia rejesho la 350,000. Pungufu 206,000. Nikachota kwenye pesa ya mzigo, kwa hiyo nikarudi Kariakoo na pesa pungufu, pea kumi hivi sikuzinunua. Mwezi uliofuata machaguo yamepungua, wateja wanauliza saizi sina, mauzo yakashuka, nikachota tena zaidi. Hivyo ndivyo mtaji unavyoondoka huku ukiamini unauza.

Kosa la pili lilikuwa punguzo. Nilishusha bei kwa 3,000 ili nivute wateja. Faida ya pea ikatoka 8,000 hadi 5,000. Hata bila mkopo, 320,000 kwa 5,000 ni pea 64. Punguzo dogo, lakini sare imeruka kutoka 40 hadi 64.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kusaini, piga hesabu mbili: sare yako ya sasa, na sare yako ukishaongeza rejesho zima. Halafu iweke hiyo ya pili mbele ya mwezi wako mbovu kuliko yote, siyo mwezi wa sikukuu. Kama unauza bidhaa za bei tofauti, tumia faida ya wastani kwa kila moja. Na mauzo ya mkopo usiyahesabu mpaka pesa iingie.

Jiulize pia: ni wateja wangapi mwezi uliopita niliwarudisha kwa sababu mzigo haukuwepo? Mimi nilipofungua jumbe za zamani nilihesabu kama wanane. 45 jumlisha 8 ni 53, mbali kabisa na 84. Jibu lilikuwa kwenye simu yangu siku zote, sema sikulitafuta.

Wewe pea moja, gauni moja au sabuni moja inakuachia shilingi ngapi? Anza na hiyo leo.